Naomba ushauri: masharti ya kuwaongoza wahitimu watatu kikazi

Ndugu wanajumuiya, mimi ni mhasibu, na ninakusudia kuwaongoza wahitimu watatu wa uhasibu kwa miezi mitatu, saa moja kila baada ya wiki mbili, yaani vikao sita kwa kila mmoja. Tutashughulikia mambo mawili tu: usuluhishi wa hesabu za benki na kujieleza katika usaili. Kutafutiana ajira hakumo, na hilo nitaliandika waziwazi.

Mara ya kwanza niliahidi kupatikana "wakati wowote". Kati ya watano niliowaongoza wakati huo, wawili walitoweka baada ya kikao cha pili, kwa kuwa hapakuwa na tarehe wala kazi ya kuleta. Safari hii mwombaji atatuma barua ya ukurasa mmoja, akieleza tatizo moja la kihesabu lililomshinda na hatua alizojaribu, pamoja na saa anazoweza kuhudhuria. Wasifu siuhitaji, maana nyingi hufanana.

Naomba mnishauri: je, barua hiyo itawatisha wanyenyekevu wenye uwezo? Na anayekosa vikao viwili bila taarifa, nafasi yake apewe mwingine?