Msaada: picha iliyokatwa imeota meno pembeni baada ya kuikuza. Feather, Smooth au Contract?

Bango_Moro:
Wakuu habari za kazi. Natengeneza bango la send-off kwenye Photoshop. Picha ya bibi harusi nimeletewa ikiwa imeshakatwa, ni PNG isiyo na bakgraundi, urefu pikseli 600. Kwenye bango anatakiwa asimame pikseli 1800, kwa hiyo nimeikuza kwa 300%. Uso unakubalika, lakini mabegani na kwenye mkono alioshika kiuno pameota meno kama ya msumeno.

Nimebonyeza Ctrl na kijipicha cha leya ili kuchagua umbo lake, kisha Select > Modify nikajaribu kila kimoja peke yake na kuweka Layer Mask. Feather 5 imeleta ukungu, na meno bado yanaonekana ndani ya huo ukungu. Smooth 10 imepunguza meno ya bega kidogo, ila vidole vimekuwa vifupi na butu. Contract 3 imeondoa weupe wa pembeni lakini meno yamehamia ndani tu. Picha halisi haipo, mteja alibaki na hiyo PNG pekee. Nitumie kipi, na kwa kiasi gani?

MzeeWaKadi:
Kijana, hapo ni Feather tu, usijichoshe. Bango linaangaliwa kwa mbali, ongeza mpaka 8 na meno yatapotea. Kadi za harusi zote nafanya hivyo.

Zuhura_Stika:
Jamani hata mimi! Nakata picha za wanangu kwenye simu nitengeneze stika za WhatsApp, zile za 512 kwa 512, pembeni zinabaki na weupe. Hiyo Contract kwenye simu iko wapi?

Pikseli_Mwanza:
Dada Zuhura, wewe unapunguza picha, mwenzetu anaikuza, kwa hiyo shida yako ni ya upande mwingine. Kata ikiwa kubwa, ingia ndani kidogo ya mpaka wa mtu, ndipo upunguze hadi 512. Weupe huo ni bakgraundi ya zamani iliyobaki kwenye kingo.

Bango_Moro, anza na jambo moja kabla ya hivyo vitatu. Rudi kwenye ile ya 600 uikuze upya. Ukiwa kwenye Free Transform, angalia juu palipoandikwa Interpolation. Kama ni Nearest Neighbor, kila pikseli moja imegeuzwa mraba wa 3 kwa 3, na hayo ndiyo meno yako. Weka Bicubic Smoother. Halafu tazama kwa Ctrl+1, yaani 100%, kwa sababu ukiwa 66.7% Photoshop yenyewe inaweza kukuonyesha meno ambayo hayamo kwenye faili.

Yakibaki hata hapo, basi aliyekata alitumia kifaa bila Anti-alias. Ngazi zilikuwamo tangu pikseli 600, wewe umezikuza tu.

Sasa kwa nini kila kimoja kilikushinda peke yake. Feather inafifisha pande zote mbili za mstari, ndani na nje. Nje ya leya yako hakuna kitu, ni uwazi mtupu, kwa hiyo nusu ya mfifio inaangukia patupu na ukingo wa ngazi unabaki umekatika vilevile, umefifia tu. Smooth nayo inanyoosha mstari kwa kukata vilele vya meno na kuziba mabonde, lakini Layer Mask haiwezi kuumba pikseli kwenye bonde ambako hazipo. Ndiyo maana bega lilipona nusu. Contract inausogeza mstari ndani ukiwa na umbo lake lilelile la ngazi.

Vitumie vyote, kwa mpangilio huu: Smooth, Contract, Feather. Ngazi zako zina kina cha pikseli 3. Smooth 4 inanyoosha mstari upite takriban katikati ya ngazi, kwa hiyo mabonde bado yako pikseli moja na nusu ndani yake. Feather 1 inahitaji kama pikseli moja ya kufifilia. Jumla mbili na nusu, na Contract inapokea namba kamili tu, basi weka 3. Feather iwe ya mwisho. Mstari ukishafifia, Smooth na Contract hazina ukingo mkali wa kufuata.

Kama mwili umeishia kwenye ukingo wa chini wa bango, acha kisanduku cha Apply effect at canvas bounds bila tiki, la sivyo utapata ufa mwembamba pale chini.

MzeeWaKadi:
Pikseli, hesabu nzuri, lakini mtu wa mita tatu ataona wapi Feather 1 na Feather 8?

Pikseli_Mwanza:
Ataona, mzee wangu. Chukulia bibi harusi anaprintiwa urefu wa mita 1.2. Pikseli 1800 kwenye mita 1.2 ni kama milimita 0.67 kila moja. Feather 8 ni zaidi ya nusu sentimita ya ukungu kila upande wa mstari. Kwenye bakgraundi nyeusi au ya zambarau, gauni jeupe linaonekana kama lina moshi. Kwenye kadi ya pikseli 300 kwa inchi, 8 hiyohiyo haifiki milimita moja, ndiyo maana kwako inakubali.

MzeeWaKadi:
Kwenye kadi tumeelewana. Kwenye bango la maua mengi nyuma, mimi bado naona 3 au 4 inamkalisha mtu vizuri kuliko 1, anaonekana hakubandikwa.

Ally_Gimp:
Kwa wa GIMP: Layer > Transparency > Alpha to Selection, kisha Select > Shrink na Feather zipo. Pa kunyoosha mstari, mimi naweka Feather 4 halafu Select > Sharpen. Ukingo unarudi kuwa mkali lakini ngazi zimelainika. Baada ya hapo Shrink, kisha Feather ndogo.

Bango_Moro:
Shukrani wakuu. Interpolation ilikuwa Nearest Neighbor kweli. Nimeikuza upya kwa Bicubic Smoother, meno yamepungua lakini hayakuisha. Nikafuata 4, 3, 1. Mabega na kiuno safi kabisa, hata nikizumu 200%. Ila vidole bado vinaliwa, na heleni moja nyembamba imetoweka.

Pikseli_Mwanza:
Contract 3 inakula 3 kila upande, kwa hiyo chochote chenye upana wa pikseli 6 kushuka chini kinaondoka chote. Rudufu leya ya asili isiyo na Layer Mask. Hii ya pili ipe kipimo chepesi: Smooth 2, Contract 1, Feather 0.5. Kisha kwenye mask yake paka brashi nyeusi kila mahali isipokuwa mkono na heleni. Ngazi hazitaisha kabisa pale, lakini kidole chenye ngazi ndogo ni bora kuliko kidole kilichokatwa ncha.

Bango_Moro:
Mkono umekubali, heleni imerudi. Kimebaki shela. Lesi yake ina matundu, na matundu yamepanuka.

Pikseli_Mwanza:
Contract inapanua matundu kama inavyopunguza nje, haijui tofauti. Shela nalo lihamishie kwenye leya ya pili, na ukingo wake wa nje uuchore kwa Pen ukipita ndani kidogo ya meno.

MzeeWaKadi:
Au aliondoe hilo lesi, apachike shela jingine kutoka picha nyingine.

Pikseli_Mwanza:
Kama mteja atakubali kuvalishwa shela la mtu. Mimi ningemuuliza kwanza.