Dogo katuma picha ya pepa bila neno, nianze na nini?

dada_mkubwa: Wakuu habari za leo. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, jana usiku kanitumia wasap picha nne za pepa ya hesabu iliyosahihishwa, 43 kwa 100, hajaandika hata salamu. Sasa nimweleze maksi zilivyokatwa, nimsolvie nimtumie majibu, au nimpangie ratiba ya kurudia?

mzee_wa_kona: Tuma majibu sahihi yote anakili kwenye daftari, mambo ya kubembelezana hapana. Sisi tulinakili na tukafaulu.

chaki_nyeupe: Mzee akinakili atajua swali lile tu, likibadilishwa namba anarudi palepale. Dada weka hapa maswali mawili aliyokosa.

dada_mkubwa: La 2(x − 3) = 5x + 9, kaandika 2x − 3 = 5x + 9 akapata x = −4, kapewa 1 kati ya 3. Lingine 4 − (x − 1) kaandika 4 − x − 1. La 14 jeupe kabisa.

chaki_nyeupe: Umeona? Yote mawili ni kosa moja, namba iliyo nje ya mabano anaizidisha na kitu cha kwanza tu, cha pili anakiacha kama kilivyo. Ilitakiwa 2x − 6, mwisho inatoka −5. Ile 1 aliipata kwa sababu kuhamisha na kugawanya alifanya vizuri, kwa hiyo ukimwambia "hujui milinganyo" unamwonea. Mi ningeanza na maksi ila kwa swali hilo moja tu, mwambie aweke −4 pande zote mbili, kushoto atapata −14, kulia −11, aone mwenyewe haikubali. Halafu mpe mengine matatu ya mabano. Ratiba baadaye, na la 14 muulize kwanza, jeupe si sawa na kukosea, huenda muda uliisha.

mama_kijacho: Wangu darasa la sita alipewa kosa kwenye jibu sahihi jamani, nikaenda shuleni mwalimu akanuna wiki nzima.

chaki_nyeupe: Hilo nalo lipo. Dada jumlisha maksi za pembeni kabla ya yote.

dada_mkubwa: Weee! Nimejumlisha mara mbili, sehemu A 32, B 14, hiyo ni 46! Kwa madaraja ya nekta 43 ni D, 46 ni C.

mzee_wa_kona: Basi dogo alikuwa anataka umpiganie hizo 3, si kufundishwa.

chaki_nyeupe: Au aliona aibu tu. Apeleke pepa mwenyewe kwa mwalimu, kwa adabu.

dada_mkubwa: Kajibu sasa hivi: "la 14 kengele ililia sis." Ya mabano kasoma, kimya.