Barua pepe za dharura: tupige marufuku herufi kubwa?

Mhasibu wa Zamu (Dar): Wadau, ofisini kwetu siku hizi kila barua pepe ni "HARAKA!!!", "MUHIMU SANA", "KUMBUSHO LA TATU". Mwezi uliopita yangu ya kuomba idhini ya mishahara ilizama humo humo, meneja akaja kuifungua Jumatatu. Nimependekeza tupige marufuku herufi kubwa kwenye kichwa cha barua. Nusu ya ofisi wanasema nawaziba midomo. Mnaonaje, marufuku inafaa? Na bila kelele, mtu atajuaje kuwa langu ni la haraka kweli?

Karani Mstaafu: Kabla ya kuwahukumu wenzako, tuwekee kichwa ulichoandika wewe.

Mhasibu wa Zamu: Haya, msinicheke.

```
Mada: Re: Re: Maandalizi ya semina - HARAKA SANA TAFADHALI!!!
```

Nilijibia kwenye barua ya zamani kwa sababu meneja na wakuu wa idara wote walikuwa humo tayari.

Karani Mstaafu: Basi mwanangu, meneja wako hana kosa. Simu yake ilimwonyesha "Re: Re: Maandalizi ya semina", pengine na hiyo HARAKA haikufika, maana kioo kidogo hukata kichwa kikiwa kirefu. Akajua ni mambo ya chai na ukumbi. Tena uliwaandikia watu wengi, kila mmoja akadhani anayetakiwa kutenda ni mwenzake.

Mimi ningeanza barua mpya, kwa mtu mmoja tu, wengine wasubiri kwenye nakala au wasiwemo kabisa:

```
Kwa: Meneja
Mada: Idhini ya mishahara: Ijumaa 6, saa 8 mchana (14:00)

Shikamoo. Naomba uidhinishe mishahara ya Mei, jedwali
nimeambatisha. Ikipita Ijumaa saa 8, kodi ya PAYE haitalipwa
kufikia tarehe 7, na tutatozwa riba.
```

Hakuna neno "haraka" hapo hata moja. Tendo limetangulia, siku na saa vinafuata, na madhara yako kwenye mistari ya mwanzo ambayo kikasha humwonyesha mtu kabla hajafungua. Ukisema "haraka" unamwomba msomaji akuamini. Ukitaja Ijumaa saa 8, anapima mwenyewe.

Mzee wa Tanga: Mimi hapo sikubali. Mtu mzima unamwandikia "Shikamoo" kisha moja kwa moja "naomba uidhinishe"? Hujamuuliza hali, hujauliza watu wa nyumbani. Huo ni ukavu. Sisi tumelelewa kuanza na salamu.

Karani Mstaafu: Salamu sijaiondoa, kaka, nimeifupisha. "Natumaini u mzima wa afya wewe na familia, na kazi zinaendelea vizuri" ikikaa mstari wa kwanza, ndiyo pekee inayoonekana kabla ya kufungua, na barua 40 za siku hiyo zote zinafanana. Muulize hali mwishoni, au mkikutana.

Mzee wa Tanga: Salamu mwishoni! Haya, mimi nitaendelea kuchelewa kusomwa, lakini sitaitwa mkosa adabu.

Fundi wa Kompyuta: Mnajisumbua bure. Kwenye Outlook kuna alama nyekundu ya mshangao, unaibonyeza kabla ya kutuma, barua inafika ikiwa imetiwa alama. Kazi imekwisha.

Mlinda Seva: Imekwisha ikiwa na mpokeaji anatumia Outlook. Ile alama husafiri kama mstari uliofichwa kwenye barua:

```
Importance: high
X-Priority: 1
```

Programu ya mpokeaji ndiyo inayoamua kuuonyesha au kuupuuza. Gmail haikuonyeshi. Ile alama ya njano ya Gmail ni kitu kingine, hiyo Gmail huiweka yenyewe kwa kutazama unavyowasomaga watu. Kwa hiyo meneja anayesoma kwenye Gmail ya simu hataiona nyekundu yako. Na hata Outlook, ofisi niliyofanyia kazi kuna mtu aliiweka kwenye kila barua, mpaka matangazo ya keki za siku ya kuzaliwa. Baada ya miezi miwili hakuna aliyeitazama.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: vichujio vya barua taka navyo vinachukia makelele. SpamAssassin ina kanuni iitwayo `SUBJ_ALL_CAPS`, kichwa chote kikiwa herufi kubwa barua inaongezewa alama za ushukiwa. Kanuni hiyo peke yake haitoshi kuitupa barua, lakini unaanza safari ukiwa na doa. Matapeli wameshalichukua hilo vazi: "AKAUNTI YAKO ITAFUNGWA LEO". Ukiandika hivyo, unamwomba mtu makini asibonyeze chochote.

Mtafuta Ajira: Mimi nimetuma maombi ya kazi zaidi ya 30 na hawajibu. Kwa hiyo nisiweke MUHIMU kwenye kichwa?

Karani Mstaafu: Lako ni tofauti, mwanangu. Barua yako ni muhimu kwako, kwake haina saa ya mwisho zaidi ya ile ya tangazo. Andika jina la nafasi na namba ya tangazo kama walivyotaka, basi.

Mama Hesabu (Nairobi): Huku kwetu PAYE ni tarehe 9, lakini shida ni ile ile. Naunga mkono hiyo 14:00 pembeni ya saa 8. Niliwahi kuandikia mteja "kabla ya saa 3". Mimi nilimaanisha saa 3 asubuhi. Yeye siku nzima anaandika barua za Kiingereza, akasoma saa tatu ya kizungu, akaniletea stakabadhi saa 9 alasiri akitabasamu. Kutaja saa bila kusema ni ya Kiswahili au ya kizungu ni mtego.

Ila kuna swali hamjalijibu. Mwisho wa kisheria ni tarehe 7, barua inasema 6. Meneja akishajua umempunja siku moja, mwezi ujao atajipa siku mbili.

Karani Mstaafu: Ndiyo maana zote mbili zimo: 6 ni yetu, 7 ni ya mamlaka ya kodi.

Mhasibu wa Zamu: Mwezi ule 7 iliangukia Jumamosi, na mimi nahitaji muda wa kutoa namba ya malipo na kuipeleka benki siku ya kazi. Siku hiyo moja si ya uongo. Ila kweli sikuieleza.

Mama Hesabu (Nairobi): Basi ieleze kwa maneno saba: "Jumamosi 7 ndiyo mwisho, benki ni Ijumaa." Akijua sababu hatakuchezea.

Afisa Manunuzi: Nyote mnaandika kana kwamba meneja anasoma. Wangu anapata barua 200 na hafungui mpaka uandike KUMBUSHO LA TATU. Bila kelele mimi sipati saini. Hiyo marufuku itaniumiza mimi, yeye haitamgusa.

Mlinda Seva: Kama zimebaki saa mbili, hiyo si kazi ya barua pepe tena. Piga simu, halafu barua ibaki kuwa kumbukumbu.

Afisa Manunuzi: Simu hapokei.

Karani Mstaafu: Huyo hata umletee tarumbeta. Ila mwenye zamu, marufuku mimi siipendi. Ukikataza herufi kubwa wataleta nyota na vidole vyekundu. Jaribuni tofauti: neno "Leo" lianze kichwa pale tu ambapo kuchelewa hadi kesho kuna hasara inayotajwa kwenye mstari wa kwanza. Anayeshindwa kuitaja hasara, asilitumie.

Mhasibu wa Zamu: Na nani atakayepima kama hasara inatosha? Yule wa keki naye atasema keki zitachacha.

Mzee wa Tanga: Keki zikichacha ni hasara.