Nilisema friza limekufa, sikuomba friza! Huyu katibu wa ukoo amenivua nguo mbele ya watu 64

ChanguMkavu:
Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Kila ukoo una yule mtu anayejifanya katibu, mnamjua, sitaji jina. Juzi tumeongea na mjomba yuko Maskati, saa nzima na dakika hamsini. Simu ya bibi imewekwa spika juu ya kinu, simu yangu pembeni inarekodi, watu kumi na mmoja wanaongea kwa pamoja, na jogoo naye. Leo asubuhi katibu katupia muhtasari kwenye kundi la ukoo: HABARI, MAOMBI, AHADI. Kwenye MAOMBI, mstari wa kwanza kabisa, kabla hata ya dawa za presha za bibi: "Dada wa Ngamiani anaomba friza."

ANAOMBA FRIZA! Mimi!

Mjomba ndiye aliyeniuliza, "Biashara ya samaki vipi?" Nikamjibu friza limekufa tangu Jumanne, changu nimegawia majirani. Mtu akiulizwa hali anasema hali, hiyo ni habari! Sasa mjomba kajibu kundini: "Mwambieni friza lisubiri." Lisubiri nini, nani kaliomba? Mama mkwe wangu yumo humo humo. Hata siku ya kuzikwa kwangu watasema marehemu alikuwa anaomba friza.

Kisu_Butu:
Dada, uliomba friza. Mtu wa Tanga akimwambia mtu wa Maskati kitu kimekufa, hatangazi msiba.

ChanguMkavu:
Sikuomba!! Isikilize sauti yangu, hamna "naomba" hata moja.

Mzee wa Daftari:
Simu za ukoo wetu naziandika mimi mwaka wa saba sasa. Katibu wenu kaandika alichodhani, hakuandika kilichosemwa. Mimi kila mstari naweka dakika, nani kasema, na maneno yake yenyewe. Hapo ningeandika: "Dakika ya 47, dada, alipoulizwa na mjomba: friza limekufa." Hiyo inakaa kwenye habari. Haihamii kwenye maombi mpaka nisikie nisaidie, nikopeshe, au nitazamie. Nikihisi kuna fumbo, nampigia aliyesema kabla sijatuma kundini: hapa ulikuwa unaomba? Dakika mbili tu, na hakuna anayeaibika.

Kwenye ahadi ndiko penye hatari zaidi. Andika kiasi, ni pesa ya nchi gani, na amesema itatoka lini au kikitokea nini. Mtu akisema "tutaangalia inshallah", hiyo siiweki kwenye ahadi, ina fungu lake chini.

ChanguMkavu:
Mzee, hapo kwenye pesa ya nchi gani umenimaliza. Katibu kaandika "mjomba ameahidi laki mbili za bati la bibi". Nimerudi kwenye rekodi. Mjomba kasema, "Mia mbili nitatoa, bonasi ikitoka." Sisi huku tukisema mia mbili tunamaanisha laki mbili, lakini yeye analipwa riali, na riali mia mbili ni zaidi ya dola 500! Halafu bonasi kaifuta kabisa. Bibi ameshamwita fundi, fundi yuko uani anapima. Ahadi kaila nusu, lakini friza langu hakulisahau!

Kisu_Butu:
Na wewe una uhakika gani ni riali? Mjomba anaongea na mama yake, huenda kaongea kishilingi.

Mzee wa Daftari:
Hilo ni kweli, rekodi peke yake haisemi. Aulizwe mjomba mwenyewe, na fundi asubiri.

Binti_Bandari:
Mzee nakupinga kwenye inshallah. Baba yangu mdogo yuko Dubai, akisema inshallah pesa inaingia wiki hiyo hiyo.

Mzee wa Daftari:
Huyo ni wako. Wangu akisema inshallah maana yake msinipigie mpaka Idi. Ndiyo maana naacha neno lenyewe, kila mtu asome kwa anavyomjua msemaji.

Shangazi_wa_Toronto:
Sisi wa huku ndio mnatuua na hiyo mihtasari. Nilisema "nikija nitawaletea simu". Mwaka ule sikupata likizo. Wameandika "analeta simu Desemba", mpwa wangu kauza yake akabaki mikono mitupu, na mpaka leo hanisalimii.

Binti_Bandari:
Shangazi, angalau wewe unasemwa. Sisi tukipigiwa simu tunaambiwa "kuna baridi" dakika arobaini.

Fundi_Saa:
Samahani, mnatumia programu gani kurekodi? Yangu inashika sauti yangu tu, ya upande wa pili haisikiki.

Kisu_Butu:
Fanya kama mwenye uzi, spika na simu ya pili. Jogoo mfungie kwanza.

ChanguMkavu:
Jamani turudi kwenye friza. Watu 64!

Fundi_Saa:
Kama ni friza, ninalo moja la mtumba hapa Chumbageni, linagandisha vizuri.

Binti_Bandari:
Bei gani?