Betri zangu zimekutwa chini ya kitanda cha mwizi, sasa wakili wake anataka mahakama isizipokee. Hii sheria ikoje wakuu?

Chaji_na_Kinyozi:
Wakuu habari za jioni, naomba mnisaidie kichwa kimejaa. Nina kibanda cha kunyoa na kuchajia simu huku kanda ya ziwa. Mwezi wa pili usiku wa Jumatatu wakavunja, wakabeba betri 4 za sola na inveta. Betri zangu nazijua, kila moja nilipaka rangi ya bluu pembeni na nikakwaruza herufi M kwa msumari, na risiti zenye namba ninazo. Jumanne saa 4 asubuhi kijana wa bodaboda akaniambia alimbebea fulani mzigo mzito usiku ule, nikaenda kituoni muda huohuo nikatoa taarifa. Wakaja kwenda kwake saa 3 usiku, askari 2 wa kawaida na mimi. Betri zote 4 tumezikuta chini ya kitanda, inveta haikuwepo. Mke wake alikuwa amekaa na mtoto mgongoni anatuangalia tu.

Sasa kesi inasikilizwa, mimi nilishatoa ushahidi wangu, juzi askari alipotaka kuzitoa betri kama kielelezo wakili wa mshtakiwa akasimama akaweka pingamizi: hawakuwa na hati ya upekuzi, walienda usiku, mwenyekiti wa mtaa hakuitwa, hakuna risiti iliyosainiwa ya mali iliyokamatwa. Hakimu anatoa uamuzi Alhamisi. Yaani mtu nimemkuta na mali yangu kwa macho yangu halafu aachiwe kwa sababu ya karatasi? Mimi kosa langu nini hapo?

Mzee_wa_Kambarage:
Pole sana kijana wangu. Ila usiongee chochote polisi bila wakili, na kama walikupekua bila hati usisaini kitu. Mungu atakutoa.

Chaji_na_Kinyozi:
Mzee shikamoo, mimi ndo niliyeibiwa, siyo mshtakiwa.

Nyundo255:
Mkuu hiyo kesi imekufa, nakwambia ukweli. Upekuzi bila hati ni batili moja kwa moja, kila kilichopatikana kinatupwa, ni kama Marekani vile. Jiandae kisaikolojia.

Wakili_Msomi_Kijijini:
Nyundo umepatia nusu. Kwetu Tanzania haitupwi moja kwa moja. Nenda kifungu cha 169 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, natumia namba za zamani tulizozoea. Kinasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja sheria hakimu asiupokee, isipokuwa aridhike kwamba kuupokea kutanufaisha umma kwa kiasi kikubwa bila kuumiza haki za mtu isivyostahili. Na mzigo wa kumridhisha uko kwa anayetaka upokelewe, maana yake mwendesha mashtaka. Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Nyerere Nyague ilisema wazi kwamba siyo kila ukiukwaji unafuta ushahidi. Kwenye kesi hiyohiyo ikasema pingamizi la maelezo ya mshtakiwa liletwe kabla hayajapokelewa, ukichelewa umechelewa. Huyu wakili kawahi, kasimama pale kielelezo kinapotolewa, kwa hiyo hakimu lazima alijibu.

Sasa hakimu anapima nini. Anaangalia kosa lenyewe ni zito kiasi gani, kulikuwa na haraka ya kuokoa ushahidi usipotee au la, sheria imevunjwa kwa ukubwa gani, na kama kitu hicho kingeweza kupatikana kihalali. Hapa ndo naona shida yako ndugu yangu. Upande wa mashtaka watasema ilikuwa dharura, na kweli sheria inaruhusu polisi kuingia bila hati jambo likiwa zito na la haraka. Lakini wewe ulitoa taarifa saa 4 asubuhi, wao wameenda saa 3 usiku, hayo ni masaa 11. Kituo kiko umbali gani kutoka kwa huyo jamaa?

Chaji_na_Kinyozi:
Kwa miguu dakika 10. Na hayo masaa nilishayasema mwenyewe mahakamani, nikadhani naisaidia kesi maana nilitaka hakimu ajue nilivyowahi kutoa taarifa.

Wakili_Msomi_Kijijini:
Basi yapo kwenye kumbukumbu. Ndani ya masaa 11 mkuu wa kituo angeweza kuandika idhini mara 20, tena upekuzi ungefanyika mchana, maana hata ukiwa na hati ya mahakama kawaida inatumika jua likiwa juu mpaka uombe ruhusa ya usiku. Ila usikate tamaa. Hilo la kwamba zingepatikana kihalali mawakili tunalivuta pande zote mbili. Mimi nikiwa upande wa utetezi nasema ilikuwa rahisi kufuata sheria, kwa hiyo hakuna udhuru. Nikiwa upande wa mashtaka nasema betri zingekutwa palepale tu hata kwa hati, kwa hiyo mshtakiwa hajapoteza kitu. Nimeona mahakimu wakienda huku na wengine kule.

Dada_Mwanaidi:
Naomba niseme na mimi maana hili limetukuta. Kaka yangu walimuingilia chumbani usiku hivyohivyo, hakuna mjumbe hakuna jirani, wakatoka na kifurushi cha bangi wakasema kilikuwa kwenye begi lake. Karatasi ya mali iliyokamatwa alisainishwa kituoni ikiwa tupu, imejazwa baadaye. Miezi 14 mahabusu. Mama alikuwa anauza vitumbua ili apate nauli ya kumpelekea chakula. Kilichomtoa ni hiyohiyo karatasi unayoita karatasi tu, sahihi ya shahidi huru haikuwepo. Wewe betri uliziona kwa macho yako, hakimu hakuwepo, atajuaje tofauti ya chumba kile na cha kaka yangu kama wote hawana shahidi?

Nyundo255:
Dada pole. Lakini huyu ana rangi ya bluu na herufi M na risiti, bangi haina herufi.

Dada_Mwanaidi:
Alama zinasema betri ni za nani. Hazisemi zilikuwa chini ya kitanda cha nani.

Kamau_wa_Thika:
Hapo amegonga ndipo. Wasee wa huku Kenya hii story tunaijua ya Kuruma mwana wa Kaniu. Wakati wa hali ya hatari, enzi za Mau Mau, jamaa alikuwa kwa baiskeli akifika kizuizi akasachiwa, wakasema wamempata na risasi 2 na kisu kidogo. Kanuni ilitaka anayesachi awe na cheo cha inspekta msaidizi kwenda juu, wale walikuwa makonstebo. Alihukumiwa kifo. Ikaenda mpaka Baraza la Malkia London, wakaamua Desemba 1954 kwamba ushahidi ukiwa unahusu kesi unapokelewa, korti haijali umepatikana aje. Lakini majaji haohao walishangaa kwa nini kisu hakikuletwa kortini, na watu waliokuwepo akisachiwa hawakuitwa kutoa ushahidi. Yaani walikuwa na wasiwasi na bado wakamuacha na hukumu yake. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 50(4) ndio ikabadilisha, ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki unakataliwa kama utafanya kesi isiwe ya haki au utaharibu utendaji wa haki. Siyo kila kosa pia.

Chaji_na_Kinyozi:
Dada Mwanaidi nimekuelewa na imeniuma. Lakini bado najiuliza kwa nini askari wamekosea halafu anayelipa ni mimi, wao mshahara unaingia.

Wakili_Msomi_Kijijini:
Hilo swali sina jibu lake zuri, hata wenzetu wanaoitetea hii sheria huwa wanakwama hapo. Ya kufanya: kabla ya Alhamisi muone mwendesha mashtaka, muulize kama yule wa bodaboda ameshaitwa. Ushahidi wake haukutokana na upekuzi, betri zikikataliwa yeye anabaki. Na betri kukataliwa kuwa kielelezo hakuzifanyi ziwe za mshtakiwa, risiti zako zitunze, mwambie mwendesha mashtaka aombe urudishiwe. Akiachiwa huru, Mkurugenzi wa Mashtaka, yaani DPP, anaweza kukata rufaa lakini notisi ni ndani ya siku 30, kwa hiyo usikae ukilalamika mtaani mwezi ukaisha.

Chaji_na_Kinyozi:
Asante wakili. Wa bodaboda hajaitwa, simu yake haipatikani toka juzi. Kesho asubuhi naenda kijiweni kwao kumtafuta.