Tupeane uzoefu: ekstensheni inayopata moto na kunuka kuungua

Mpangaji: Wakuu, naomba tuelezane yaliyotukuta kwenye ekstensheni. Yangu ina matundu manne, chini imeandikwa 10A 250V. Nimechomeka TV, king'amuzi, chaja ya laptopu na jagi la umeme. Kila jagi likichemka napata harufu ya plastiki iliyoungua, na safari hii nilipochomoa plagi yake nikaona tundu lile lina rangi ya kahawia pembeni. Waya wenyewe ni wa baridi kabisa. Nimepiga hesabu, sijazidisha: jagi wati 2000, vingine vyote pamoja kama wati 180. Ukigawa kwa volti 230 inakuja ampia 9.5. Sasa kama sijavuka 10, inaungua kwa nini? Waliokutwa na hili waseme.

Mama Pacha: Yangu ilikuwa kinyume na yako. Kipindi cha baridi tulichomeka hita, jagi na pasi kwenye ekstensheni moja, na waya tuliupitisha chini ya zulia ili watoto wasijikwae. Hakuna tundu lililobadilika rangi. Ila nilipokanyaga zulia miguu peku nikasikia joto, nikafunua, waya wote umelegea kama umeloweshwa maji ya moto, kuanzia ukutani mpaka kwenye matundu. Fyuzi ya plagi ilikuwa nzima. Hilo la fyuzi ndilo sijalielewa mpaka leo.

Kijana wa Juu: Hiyo ni volti ndogo tu. Umeme ukishuka, vifaa vinavuta ampia nyingi kufidia, waya unachemka. Nunueni stabilaiza mlale usingizi.

Fundi Bisibisi: Kijana, umepata nusu. Friji, feni na vitu vyenye mota, volti zikishuka kweli ampia zinaweza kupanda. TV na chaja za siku hizi nazo ni hivyo hivyo. Lakini jagi, pasi na hita ya koili havifidii chochote. Volti zikishuka vinavuta kidogo zaidi, ndiyo maana maji yanachelewa kuchemka. Kwa hiyo jagi la Mpangaji halijaunguza tundu kwa sababu ya volti ndogo.

Mama Pacha na Mpangaji wameleta magonjwa mawili tofauti, na njia rahisi ya kuyatenganisha ni kutazama joto limekaa wapi. Mzigo ukizidi, umeme mwingi unapita kila mahali, basi waya wote unapata moto kwa urefu wake na plagi ya ukutani pia. Kiungo kikilegea, joto linakaa nukta moja: tundu moja, pini moja ya plagi, au pale chini ya swichi ya ekstensheni. Waya wa baridi na tundu la kahawia, hapo usihangaike na hesabu ya wati. Tazama tundu.

Mama Pacha, fyuzi ya 13 haimaanishi ikifika 13.1 inakatika. Mzigo wako ulikuwa wati ngapi?

Mama Pacha: Hita 1200, jagi 1000 maana ni dogo, pasi 1000.

Fundi Bisibisi: 3200, sawa na ampia 14 hivi. Fyuzi ya 13 inabeba 14 bila kukatika, hata mchana kutwa. Kazi yake ni kukata shoti na mizigo iliyopitiliza sana. Na kama ekstensheni iliandikwa 10A, basi kati ya 10 na hapo fyuzi inapokuja kustuka kuna nafasi kubwa ambayo waya unaumia na hakuna kinachoukinga. Zulia likamalizia, joto halina pa kutokea. Walio na ekstensheni za kuzungusha kwenye gurudumu wajue ni shida ileile: kwa mzigo mkubwa, fungua waya wote.

Mpangaji: Sawa fundi, ila bado hujanijibu. Umeme ni uleule unaopita kwenye waya na kwenye tundu. Kwa nini waya uwe baridi na tundu liungue?

Fundi Bisibisi: Swali zuri. Tuseme waya wako ni wa mita 3, shaba ya unene wa milimita mraba 1.25. Kwenda na kurudi ukinzani wake ni kama omu 0.08. Jagi peke yake linavuta 8.7. Joto ni ampia kuzidisha ampia kuzidisha ukinzani, inakuja kama wati 6, zimesambaa mita zote 3. Ukigusa, unasikia uvuguvugu au husikii kitu.

Sasa ndani ya tundu kuna vibati vya shaba vinavyobana pini. Vikiwa vipya vinabana sana, ukinzani ni mdogo mno. Vikilegea, pini inagusa kwa kijisehemu kidogo tu. Chukulia ukinzani umefika omu 0.1. Kwa ampia zilezile unapata wati 7.6, karibu sawa na za waya wote, ila zimekaa kwenye nukta ndogo kuliko punje ya mchele, ndani ya plastiki iliyofungwa. Lazima iungue.

Ubaya wake ni kwamba hairudi nyuma. Kibati kikipata moto kinapoteza ubanaji, kinafanya kutu nyeusi, ukinzani unaongezeka, moto unaongezeka. Na sakiti breka haioni chochote, maana ampia ni zilezile 8.7. Kwake yeye kila kitu ni sawa.

Mzee wa Redio: Ndiyo maana tundu lilelile ukilichomekea TV linakaa miaka bila neno. Nusu ampia kwenye omu 0.1 haipashi hata nzi. Watu wanasema "lakini TV inafanya kazi hapo", kumbe kulegea kunajitokeza siku ukichomeka jagi.

Dada Cherehani: Mimi breka inakata kila nikiwasha oveni. Je, na hiyo ni ekstensheni? Oveni imechomekwa ukutani moja kwa moja.

Fundi Bisibisi: Dada, hiyo ni mada nyingine. Ikikata papo hapo, mara nyingi oveni yenyewe inavujisha umeme, hasa koili ikiingia unyevu. Usiilazimishe breka, mwite fundi aipime.

Mpangaji: Basi nifanyeje bila kujiumiza? Jana nilitaka kushika plagi nikaogopa.

Fundi Bisibisi: Kuogopa ni sahihi. Ukisikia harufu, usishike plagi ya moto kwenye ekstensheni. Zima swichi ya ukutani, au kama soketi ya ukuta nayo inanuka au unaona moshi, nenda mein swichi. Usimwage maji. Ukishazima, chomoa ekstensheni ukutani, iache ipoe.

Ikipoa, ikiwa haijachomekwa popote, chukua plagi moja nzima na uijaribu tundu moja moja. Matundu mazima yataibana plagi kwa nguvu inayofanana. Lililolegea utalijua mara moja, plagi inaingia kama haina mlango, inacheza, au ukigeuza ekstensheni juu chini inadondoka yenyewe. Usiingize bisibisi wala waya ndani kutazama. Kisha geuza plagi ya jagi uangalie pini: nzima inang'aa sawasawa, iliyoungua ina doa jeusi au la bluu, wakati mwingine na vishimo kama imeliwa na cheche.

Mpangaji: Nimejaribu sasa hivi. Tundu la pili limelegea kabisa, mengine yanabana. Pini moja ya jagi ina weusi upande mmoja. Basi nahamishia jagi tundu la nne.

Fundi Bisibisi: Hapana! Hapo ndipo wengi wanaharibu soketi ya pili. Pini yenye weusi na vishimo haigusi vizuri hata kwenye tundu jipya, inalipasha moto mpaka nalo linalegea. Ugonjwa unahama na plagi. Badilisha plagi ya jagi, na ekstensheni hiyo acha kuitumia. Jagi lipewe soketi ya ukuta peke yake.

Kijana wa Juu: Si ufungue tu ekstensheni uvibane vile vibati na koleo? Mimi yangu niliifanya hivyo, inadunda.

Mzee wa Redio: Kijana, shaba iliyowahi kuungua imelainika. Unaibana leo, ukichomeka mara chache inafunguka tena. Kwa chaja ya simu sitakugombeza. Kwa jagi, siwezi kulala nyumba hiyo.

Kijana wa Juu: Mzee, yangu haikuwahi kuungua, ilikuwa imelegea tu kwa kuchomoa chomoa.

Mzee wa Redio: Hapo tunaweza kubishana mpaka kesho. Iliyolegea bila kuungua pengine inabaneka. Utaipimaje kujua inabana vya kutosha? Mimi sina kipimo hicho, na wewe huna.

Bi Kimya: Yangu haikunuka plastiki, ilinuka samaki. Siku mbili tukatafuta samaki jikoni, nyuma ya friji, mpaka kwenye pipa la taka. Ilikuwa plagi ya ekstensheni pale ukutani, nyuma ya kabati. Nimeichomoa, pini moja nyeusi, na soketi ya ukuta nayo imebadilika rangi. Sasa sijui kipi kilianza.

Fundi Bisibisi: Harufu ya samaki wengi wanaidharau. Baadhi ya plastiki ngumu za soketi na plagi zikipata moto zinanuka hivyohivyo, kabla hata hujaona moshi. Kipi kilianza, kwako imeshapita kujua, vyote viwili vimeguswa. Kwa ambaye bado hakuna weusi ila plagi ya ekstensheni inapata joto ukutani: ihamishie soketi nyingine, tumia kifaa kilekile dakika kumi, zima, chomoa, ndipo uguse pini. Joto likifuata plagi, ubaya uko kwenye plagi, mara nyingi skurubu ya ndani imelegea. Plagi ikiwa baridi huko kupya, ubaya uko kwenye soketi ya ukuta.

Bi Kimya: Ya ukuta nabadilisha mwenyewe au?

Fundi Bisibisi: Mwite fundi. Mwambie asiishie kubadilisha soketi, akate pia ncha za waya zilizoungua mpaka apate shaba inayong'aa. Akifunga soketi mpya kwenye ncha nyeusi, utarudi hapa na samaki wako.

Mpangaji: Plagi mpya imefungwa, jagi liko ukutani. Nimeligusa baada ya kuchemsha na kuchomoa, pini ni vuguvugu kidogo. Vuguvugu ni kawaida?

Fundi Bisibisi: Vuguvugu kwa wati 2000 ni kawaida. Ukishindwa kushikilia kidole, si kawaida. Angalia pia kama pini zote zina joto sawa, moja ikiizidi mwenzake nijulishe.

Mpangaji: Ya kulia imezidi kidogo. Au ndiyo yenye fyuzi?

Fundi Bisibisi: Ukiitazama plagi kwa upande wa pini au kwa mgongo?