Mrejesho: kubadilisha viatu na mkoba kwenye picha ya mwili mzima

Niliuliza: "Nambadilishiaje dada viatu na mkoba bila miguu kuhama wala kuonekana anaelea?"

Ahsanteni sana wakuu. Nilifuata ushauri wa kutogusa kivuli cha awali. Nilifunika sandali alizovaa tu, nikaacha ule mstari mwembamba mweusi chini ya soli, kisha nikakalisha picha ya raba kwa kuipinda na Warp hadi ncha na kisigino vikaangukia palepale. Soli ya raba ilizidi kidogo pembeni, nikaongezea kivuli chembamba kwenye tabaka la Multiply, linalotia giza kilicho chini yake. Sasa amekanyaga sakafu kweli! Mkoba ulikaa baada ya kurudisha vidole vyake juu ya mpini kwa maski.

Viatu virefu vimegoma. Kisigino lazima kinyanyuke, na mguu wote hubadilika. Hiyo tutapiga upya.